SOMO: Kuipekua "habari" ya dawa ya ajabu ukitumia simu yako

Tangazo la aina hii halikai kama tangazo. Ukiligusa Facebook unafunguliwa ukurasa wenye nembo ya chombo cha habari unachokifahamu, jina la mwandishi, tarehe ya jana, na daktari anayehojiwa. Chini kabisa ndiyo inakuja fomu: jina, namba ya simu, "lipa ukipokea mzigo". Mtindo ni wa zamani. Aprili 2011 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifungua kesi 10 dhidi ya waendeshaji wa tovuti za habari bandia zilizouza vidonge vya acai vya kupunguza unene. Kilichobadilika ni lugha na ugonjwa tu.

Mfano wetu wa kufundishia ni matone ya kisukari. Kichwa cha habari: "Daktari afukuzwa kazi baada ya kufichua siri ya kisukari". Bei Tsh 198,000, leo tu 99,000. Anwani tumeibuni.

Hatua ya 1: Piga picha za skrini kabla ya kugusa chochote. Piga tangazo lenyewe, ukurasa mzima mpaka kwenye fomu, na anwani iliyo juu. Fanya hivyo kwanza, kwa sababu kurasa hizi zina milango miwili. Aliyetoka kwenye tangazo, kwa simu, akiwa Tanzania, anaonyeshwa "habari" ya dawa. Mkaguzi wa Facebook, au mtu aliyefungua kwa kompyuta ya ofisini, anapelekwa kwenye ukurasa wa mapishi au maua. Ukichelewa, kesho huna cha kumwonyesha mtu.

Hatua ya 2: Soma anwani kwa kurudi nyuma. Gusa anwani uione yote. Kutoka `https://` nenda hadi mkwaju wa kwanza, kisha urudi nyuma ukihesabu vipande vinavyotenganishwa na nukta. Viwili vya mwisho ndivyo mwenye nyumba. Vitatu kama inaishia na `.co.tz` au `.or.tz`.

```
https://www.bbc.com/swahili
https://bbc.com-swahili.example/kisukari
```

Ya kwanza mwenyewe ni `bbc.com`. Ya pili mwenyewe ni `com-swahili.example`. Hilo neno `bbc` la mbele ni pambo, mtu yeyote anaweza kulitundika. Kama jina halina `.tz`, liingize `lookup.icann.org` uangalie mstari wa `Created`. Chombo cha habari cha miaka mingi hakiwi na jina lililosajiliwa wiki tatu zilizopita.

Hatua ya 3: Gusa kila kitu isipokuwa kitufe cha kuagiza. Gusa nembo, gusa "Michezo", gusa habari zinazohusiana. Kwenye ukurasa bandia vyote vinakushusha kwenye fomu ileile. Sababu yake ni uvivu wa fundi: amenakili ukurasa mmoja halisi, akabadili viungo vyote vielekee sehemu moja. Hiki ndicho kipimo chetu tunachokipenda, maana hakihitaji utaalamu na kinachukua nusu dakika.

Kisha fungua kiungo hichohicho kwenye dirisha la faragha la Chrome. Saa ya "punguzo linaisha baada ya dakika 14" ikianza upya, ni mchoro tu. Tarehe nayo huandikwa na simu yako wewe. Kwenye Chrome ya Android weka `view-source:` mbele ya anwani, halafu utafute neno `getDate`. Ukikuta kitu kama hiki:

```
var d = new Date();
d.setDate(d.getDate() - 1);
```

maana yake ukurasa unachukua tarehe ya leo na kutoa siku moja. Hiyo "habari ya jana" itakuwa ya jana hata mwakani. Usipoikuta usihitimishe kuwa ni salama, kwani wengine huficha msimbo kwenye faili la pembeni.

Hatua ya 4: Tafuta maneno ya daktari. Google andika `site:bbc.com/swahili kisukari daktari`, au weka anwani ya chombo kinachotajwa. Nakili pia sentensi moja ya nukuu na uitafute ndani ya alama za kunukuu. Google kukosa kitu peke yake si ushahidi kamili, ila daktari "aliyetikisa nchi" hawezi kuonekana kwenye ukurasa mmoja tu. Picha yake ipitishe Google Lens. Mara nyingi anaibuka na jina jingine, nchi nyingine, akitangaza dawa ya viungo.

Hatua ya 5: Tafuta bidhaa yenyewe. Rejesta ya dawa zilizosajiliwa iko kwenye tovuti ya TMDA, `tmda.go.tz`. Tafuta kwa jina la biashara. Muuzaji akisema ni tiba asili, mwombe namba ya usajili wa dawa kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kisha uliulize Baraza lenyewe. Cheti cha BRELA au TIN visikuchanganye: vinaonyesha kuwa biashara ipo, havisemi lolote kuhusu kilichomo kwenye chupa.

Hatua ya 6: Ripoti. Kwenye tangazo gusa nukta tatu, uchague kuripoti. Halafu fungua `facebook.com/ads/library`, chagua Tanzania na utafute jina la bidhaa. Utaona kurasa nyingine zinazorusha tangazo hilohilo. Picha zako na namba ya muuzaji zipeleke TMDA.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mbagala: Nimeshajaza jina na namba, sijalipa. Sasa wananipigia kutwa.

Jibu: Hudaiwi kitu. Waambie mara moja kuwa umeghairi, na bodaboda akija usipokee mzigo wala usitoe hela ya "usafiri". Namba yako huenda ikauzwa, kwa hiyo tegemea simu za dawa nyingine. Usimtajie mtu PIN wala namba ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS. SMS za utapeli zitume kwenda 15040.

Shemeji wa Kimara: Chini kuna maoni zaidi ya mia ya watu waliopona. Wote ni feki?

Jibu: Jaribu kujibu oni moja. Ukigusa "Jibu" ukashushwa kwenye fomu, hayo si maoni, ni maandishi yaliyochapwa pamoja na ukurasa.

Binti wa Tandika: Mama ameanza matone hayo, kaacha vidonge vya hospitali. Na sukari kweli imeshuka!

Jibu: Hapo pana hatari mbili. Huenda matone hayana kitu, na sukari itapanda tena. Au yamechanganywa dawa halisi ya sukari kwa siri. Singapore mwaka 2008, vidonge haramu vya nguvu za kiume vilikutwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Watu wasio na kisukari walilazwa na wanne wakafariki. Asisimamishe matone wala kurudisha vidonge kwa kubahatisha: mpeleke kliniki yake leo, na chupa mwende nayo. Akitoka jasho, akitetemeka au kuchanganyikiwa, mpime. Chini ya 3.9 mmol/L, kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Hata akipata nafuu msibaki nyumbani, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kuanguka tena usiku. Akiwa hajitambui, usimnyweshe chochote, kimbieni hospitali.