Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, angalia balansi kabla hujarudisha

Kijana wa jirani yangu, anauza kwenye duka la viatu Kongowea, jana kapigiwa na mtu anajiita ejenti wa M-PESA, "bro nimekudipozitia 3,500 kimakosa, mwenyewe yuko hapa analia, nirudishie sahi." Meseji kweli ikaingia, akatuma, kumbe hakuna kitu kilichoingia, ni pesa zake mwenyewe zimekwenda. Sasa fanya hivi: kata simu kwanza, usiangalie balansi huku unaongea naye maana anakuharakisha ndio usifikirie, halafu piga *334# uone balansi mwenyewe. Meseji ya uongo haiwezi kugusa akaunti yako, hata ingeandikwa vizuri vipi. Huyo kijana alikuwa na 4,120, pesa ingekuwa imeingia kweli angeona 7,620, lakini meseji ilisema balansi mpya ni 3,900, na tena ilitoka kwa namba ya kawaida ya simu, si kwa MPESA.

Ila balansi peke yake haitoshi, kuna wengine wanatuma pesa ya kweli, ukishawarudishia wewe wanaomba na rivaso juu yake, unalipa mara mbili. Kwa hivyo hata ukiikuta imeingia usitume wewe, mwambie afowadi ile meseji yake ya kutuma kwa 456 ya Safaricom, na wewe usiiguse hiyo pesa mpaka irudi. Ejenti wa ukweli hiyo njia anaijua, akianza kukutukana au kusema utashikwa na polisi, bloku tu.