Somo: Pima bango lako la rolapu kabla halijachapwa – mpita njia anaambulia nini kwa sekunde tatu?

Somo hili ni kwa mnaojiandaa na maonyesho ya biashara na mna bango la rolapu la kupeleka, lile la sentimita 85 kwa 200 linalovutwa juu kutoka kwenye kasha lake. Wengi hulikagua bango hilo wakiwa wamekaa mbele ya kompyuta. Wanalisoma mstari kwa mstari, wanarekebisha herufi mbili tatu, wanamwambia dizaina "safi, peleka kuchapa". Mpita njia hatalisoma hivyo hata siku moja.

Hebu tupige hesabu yake. Anayetembea taratibu kwenye ujia wa maonyesho huenda kama mita moja kwa sekunde. Bango huanza kumsomekea vizuri akiwa mita nne au tano kutoka lilipo. Kwa hiyo tangu alione hadi alipite ana sekunde nne au tano tu, na katika hizo hizo anatazama anakokanyaga, anatazama banda la upande wa pili, anajibu simu. Mimi hupima kwa sekunde tatu. Kisichoingia kichwani kwa sekunde tatu nakihesabu kuwa hakipo, hata kama kimeandikwa vizuri namna gani.

Hatua ya 1: Chapa bango dogo

Mwombe dizaina akupe faili la PDF, kisha ulichape kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo cha 1:10. Bango litatoka na upana wa sentimita 8.5 na urefu wa sentimita 20. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba umbali nao unagawanywa kwa kumi: karatasi ikiwa sentimita 40 kutoka machoni, unaliona bango kama mtu aliye mita nne kutoka kwake. Usiisogeze karibu zaidi ya hapo. Mkono utakuwasha kuisogeza, na ukiona unatamani kufanya hivyo, jua tayari kuna maandishi yasiyosomeka.

Hatua ya 2: Ziba kitakachozibwa

Siku ya maonyesho mbele ya bango kutakuwa na meza, na nyuma ya meza kutakuwa na ninyi wenyewe. Meza ya kawaida ina kimo cha kama sentimita 75. Chukua kipande cha karatasi uzibe sentimita 7.5 za chini za bango lako dogo. Kilichobaki juu ndicho bango halisi. Ujumbe mkuu ukae kwenye eneo ambalo, kwenye bango kamili, litakuwa kati ya sentimita 130 na 190 kutoka sakafuni, maana huko ndiko macho ya mtu aliyesimama yanakofika bila kuinama.

Hatua ya 3: Onyesha, ficha, uliza

Tafuta watu watano au sita wasioijua biashara yako. Ndugu wa nyumbani hawafai, wanajua unauza nini. Mmoja mmoja, mwonyeshe karatasi kwa umbali ule wa sentimita 40, hesabu kimoyomoyo sekunde tatu, ifiche. Kisha muulize maswali matatu kwa mpangilio huu:

1. Umeona nini?
2. Hawa wanauza nini?
3. Ni kitu cha mtu wa aina gani?

Usimuulize kama bango ni zuri. Ukimuuliza hivyo atakujibu kwa adabu, na adabu haikusaidii kitu hapa. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe bila kumnyooshea. Akisema "nimeona kijani, kuna watu wanacheka", andika hivyo hivyo. Ukianza kumdokezea, umeshampa sekunde ya nne.

Mtu mmoja hupimwa mara moja tu. Ukirekebisha bango, tafuta watu wapya, kwa sababu yule wa kwanza keshajua jibu.

Hatua ya 4: Ligeuze pembeni

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Kwenye maonyesho hakuna anayekuja akiwa uso kwa uso na bango lako. Watu wanapita kando yake. Chukulia bango limesimama sambamba na ujia, mita mbili kutoka kwenye mstari anaotembea mgeni. Akiwa bado mita tatu na nusu kabla ya kulifikia, analitazama kwa upande kiasi kwamba upana wake unaonekana nusu tu: zile sentimita 85 zinamfikia kama sentimita 42 hivi. Herufi zote zinabanana. Zile nyembamba na zilizosogeleana zinageuka michirizi.

Ijaribu kwa karatasi yako. Izungushe mpaka upana wake uonekane nusu, halafu tazama neno lipi bado linasomeka. Mara nyingi litakuwa moja au mawili. Hayo ndiyo bango lako kwa mtu anayekuja.

Tiba yake iko pande mbili. Kwanza, mkiwa bandani ligeuzeni bango lielekee upande watu wanakotokea, badala ya kulibandika sambamba na ukuta wa nyuma. Pili, ongezeni ukubwa wa maneno machache badala ya kuongeza maneno.

Mfano: bango la pampu

Fundi mmoja anayeuza pampu za kumwagilia zinazotumia sola aliniletea bango lake nilitazame. Juu kabisa kulikuwa na nembo iliyochukua robo ya bango. Chini yake kaulimbiu: "Suluhisho bora kwa maendeleo endelevu". Kisha picha ya familia inatabasamu shambani, kisha vipengele sita vyenye alama za tiki, na pampu yenyewe ikiwa ndogo karibu na kasha, pale ambapo meza ingeiziba kabisa.

Tulipoonyesha, majibu yalikuwa "mambo ya mazingira", "shirika la misaada", "bima?", "wanauza mbegu". Hakuna aliyesema pampu. Na hawakuwa wazembe wa kusoma. Kila mmoja alikusanya alichopewa, kijani na familia na neno maendeleo, akatoa jibu la maana kabisa. Bango ndilo lililowaambia hivyo.

Rekebisho la kwanza lilikuwa kuondoa kaulimbiu na kuweka "Mwagilia bila mafuta", na badala ya familia tukaweka picha moja ya maji yanayofoka kwenye bomba, paneli ya sola ikionekana nyuma. Watu wapya wakaanza kusema "maji", "umwagiliaji". Lakini mmoja aliuliza, "Mafuta gani, ya kupikia?" Swali la mtu mmoja tu, ila lilitosha. Neno "mafuta" linabeba vitu vingi, na mpita njia hana muda wa kuchagua. Tukaandika:

Mwagilia
bila dizeli

Sasa tazama ukubwa. Ukiacha pambizo la sentimita tano kila upande, una sentimita 75 za kuandikia. Mstari wenye herufi nane hadi kumi na moja unaenea vizuri kwa fonti nene ya pointi 300, ambayo herufi zake kubwa hutoka na kimo cha kama sentimita saba na nusu. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu na bango la rolapu ni jembamba, kwa hiyo neno refu kuliko yote ndilo linalopanga ukubwa wa mengine. Ukiandika "Tunakurahisishia umwagiliaji", lile neno la kwanza lina herufi 16 na litakulazimisha kushusha fonti yote. Kitenzi kifupi cha kuamuru kinakuokoa hapo.

Vile vipengele sita havikupotea. Vilihamia kwenye kipeperushi cha kukabidhi mkononi, kwa mtu ambaye tayari amesimama. Nembo ilibaki juu, ila ikawa na kimo cha sentimita 12 tu. Kwenye jaribio la mwisho wote walitaja maji au pampu, na wengi wakaongeza "ya sola". Jina la kampuni hakulikumbuka mtu, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Jina atalisikia akishasimama.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi sina printa. Naweza kupima kwa simu?

Jibu: Marahaba. Inawezekana. Simu nyingi za sasa zina kioo chenye urefu wa kama sentimita 15, na umbo lake linakaribiana na la bango. Fungua picha ijaze kioo, ishike sentimita 30 kutoka machoni pa mtu. Hapo ni kama yuko mita nne. Punguza mwanga wa kioo, maana bango halitoi mwanga wake na rangi zitakudanganya. Na mwambie asikuze picha kwa vidole.

Swali: Bosi wangu hataki kabisa nembo iguswe, anasema ndiyo sura ya kampuni. Nifanyeje?

Jibu: Usibishane naye kwa maneno, ndugu yangu. Mpelekee karatasi ya majibu. Akisoma mwenyewe watu watano wakisema "sijui wanauza nini", mazungumzo yatabadilika. Lakini nami niseme haki yake: kama jina la kampuni linajulikana na kila mtu, nembo peke yake inajibu swali la "wanauza nini", na kuikuza ni sawa. Jaribio litakuonyesha mko upande upi.

Swali: Wageni wetu wengine wanasoma Kiingereza. Niweke lugha zote mbili?

Jibu: Kwenye maandishi makuu, hapana. Ukiweka mistari miwili kwa lugha mbili, kila mmoja unapata nusu ya nafasi, na mgeni anatumia sekunde moja nzima kutafuta wake. Ukiweza, tengeneza mabango mawili uyasimamishe pande mbili za banda. Ukishindwa, chagua lugha ya wageni walio wengi kwa herufi kubwa, na ile nyingine iwe mstari mmoja mdogo chini ya picha, kwa aliyekwisha kusogea. Picha ikiwa imejitosheleza, huyo wa lugha ya pili hatapotea.

Swali: Dada, na msimbo wa QR tuuweke wapi? Dizaina wetu ameuweka chini kabisa pembeni.

Jibu: Hapo chini mtu atalazimika kuinama, na meza itauziba. Uweke kwenye kimo cha sentimita 100 hadi 120 kutoka sakafuni, upande ambao hamtasimama mbele yake. Ukubwa wake uwe kama sehemu ya kumi ya umbali wa anayeupiga: akiwa mita moja, upande wa msimbo uwe sentimita 10. Usiuingize kwenye zile sekunde tatu. Anayepita hatoi simu, anayetoa simu ni yule aliyekwisha kusimama. Ukiuweka juu karibu na maandishi makuu unamwibia nafasi yule ambaye bado anatembea. Na kabla ya kuchapa, muulize mchapaji ni sentimita ngapi za chini zinazoingia ndani ya kasha, kwa kuwa makasha hutofautiana, kisha upime vimo vyote kuanzia hapo.