Kumfundisha mtoto kuamkia wakubwa na kuuliza "Nikusaidie nini?"

Nimefundisha watoto wa chekechea kwa miaka mingi. Kuwafundisha neno "shikamoo" si kazi. Mtoto wa miaka mitatu hulishika kwa siku moja. Kazi iko kwenye kile kinachofuata neno lile: kusimama mpaka aitikiwe, na kuuliza kama kuna jambo la kusaidia kisha abaki kusikiliza jibu. Watoto wengi husema "shikamoo" huku wakikimbia, "marahaba" ikawakuta wameshafika uani.

Hatua ya kwanza: ongea na mkubwa kabla ya kuongea na mtoto

Hatua hii wazazi wengi huiruka. Mtoto anayejifunza kuamkia anahitaji mtu wa kumwitikia vizuri. Akisema "shikamoo" kwa sauti ndogo, halafu mkubwa akacheka, au akaendelea na simu, au akamwambia "sijasikia, rudia!", kesho yake atajificha nyuma ya gauni la mama.

Chagua mkubwa mmoja au wawili wanaomwona mtoto mara kwa mara, labda bibi, babu au jirani. Waombe mambo mawili. La kwanza, waitikie kwa ukamilifu, "Marahaba mwanangu, hujambo?", wakimtazama. La pili, wawe na kazi ndogo ya kumpa atakapouliza. Umuhimu wa hilo la pili utauona mbele.

Hatua ya pili: zoeza mwili kabla ya maneno

Mfundishe kwa mpangilio huu: asimame, amtazame mkubwa, aamkie, angoje. Cheza naye nyumbani kwa dakika tano. Wewe ukiwa babu, yeye aingie mlangoni. Kisha mbadilishane, yeye awe babu. Akiwa babu, mpite mbio huku ukisema "shikamoo" bila kumtazama, halafu muulize amejisikiaje. Mtoto mmoja wa miaka mitano alinijibu, "Hukuniamkia mimi, umeuamkia mlango." Tangu siku hiyo hakuhitaji maelezo zaidi.

Hapa pia mweleze kwamba wakubwa wakiwa wengi huwaamkia "shikamooni", na kwamba akiwakuta katikati ya mazungumzo husimama kando mpaka wanyamaze au wamtazame.

Hatua ya tatu: mlangoni, nyamaza

Kabla hamjaingia, mwambie atakayemkuta: "Babu yumo ndani. Utamwamkia, kisha utakaa nami." Mkishaingia, usimkumbushe papo hapo. Hesabu moyoni hadi kumi. Kumi huonekana ndefu kwa mzazi mwenye haya, lakini mtoto mdogo huhitaji muda kukusanya maneno. Ukiwahi kumwambia "Mwamkie babu!", unakuwa umeamkia kwa niaba yake, na mwili wake unajifunza kungoja amri.

Akigoma kabisa, mwamkie babu wewe mwenyewe, kisha sema kwa upole, "Ataamkia akishazoea." Baada ya dakika chache, akiwa ametulia, mpe nafasi tena. Usiseme mbele yake "huyu ana aibu", kwa sababu atalichukua neno hilo kama jina lake. Wala usimlazimishe kukumbatia au kubusu mtu. Heshima imo katika salamu. Mwili ni wake.

Hatua ya nne: kuuliza kunaanza na macho

Hapa ndipo pana utamu, na hapa ndipo wengi hukosea. Mzazi humfundisha mtoto sentensi moja, "Kuna kitu nikusaidie?", mtoto anaikariri, na mkubwa kwa ustaarabu anajibu, "Hapana mwanangu, kacheze." Siku ya pili hivyo hivyo. Kufika mara ya nne mtoto ameelewa kwamba yale ni maneno ya kupitisha tu, hayana kazi nyuma yake, na anaacha.

Kwa hiyo kwa mtoto wa miaka minne au mitano usianze na swali la wazi. Mfundishe kutazama mikono ya mkubwa, kisha kutaja anachokiona. Ana mfuko? "Bibi, nikupokee?" Amesimama? "Nikuletee kiti?" Anapapasa mezani? "Nikutafutie miwani?" Swali la namna hii ni rahisi kukubaliwa, kwa sababu mkubwa haoni kama anamsumbua mtoto. Swali la wazi, "Nikusaidie nini?", liache mpaka afikie kama miaka sita au saba, anapoweza kupokea kazi asiyoitarajia.

Na ndiyo maana ulimwomba bibi awe na kazi tayari. Iwe ya dakika moja au mbili, isiyo na moto, kisu wala uzito: kurudisha kikombe kitupu, kuokota kilichoanguka, kuwasha taa, kuleta kanga.

Tuchukue mtoto wa miaka sita niliyekuwa naye. Kuamkia alijua, na kuuliza aliuliza, ila alikuwa akiuliza huku ameshageuka. Bibi yake alikuwa hasikii vizuri na jibu lake lilichelewa. Likitoka, mjukuu hayupo. Bibi akaamini mtoto ana dharau. Tulibadilisha jambo moja tu: asogee mpaka aweze kugusa kiti cha bibi, akiguse, ndipo aulize. Mkono ukiwa kwenye kiti, miguu haiondoki. Siku mbili za mwanzo mama yake alisimama karibu bila kusema kitu. Siku ya tatu bibi alimtuma miwani chumbani. Akaenda, akasahau, akaanza kuchezea mto. Mama hakumgombeza, alimuuliza tu, "Bibi amekutuma nini?" Akakumbuka. Ndipo tukaongeza kipande cha mwisho: ukimaliza, rudi useme, "Nimemaliza bibi, kuna kingine?" Baada ya kama wiki tatu alikuwa akifanya yote bila kuguswa bega.

Hatua ya tano: jibu likiwa "hapana", na mipaka

Mfundishe kuipokea hapana: "Haya babu, ukinihitaji niite." Kisha aondoke. Mtoto anayeng'ang'ania kusaidia humchosha mkubwa, hasa mgonjwa au mtu mzima anayetaka kujifanyia mwenyewe. Kusimama polepole kwa babu si lazima kuwe ombi la msaada.

Mpaka mwingine usiulegeze. Kuuliza kama kuna la kusaidia ni kwa watu mnaowajua, na wewe uwe karibu. Mgeni wa njiani ataamkiwa na itaishia hapo. Hata kwa ndugu, akitumwa nje ya nyumba, au kwenye chumba cha kufungiwa mlango, au akiambiwa "usimwambie mama", jibu lake liwe, "Ngoja nimwambie mama kwanza," na aje mbio. Lizoezeni jibu hilo kwa sauti, kama mlivyozoeza salamu, ili asiione heshima kuwa ni kukubali kila anachoambiwa. Na mkubwa akinuna kwa jibu hilo, umtetee mtoto palepale, mbele yake.

Utajuaje ameshika

Usimpime mbele ya wageni wa heshima. Mtazame anapokutana na mlinzi, na dada wa kazi, na fundi aliyekuja kurekebisha bomba. Kama anamwamkia babu tu na kumpita mlinzi, amejifunza kumwogopa babu. Rudi hatua ya pili, na safari hii umwache mtoto aigize mlinzi. Dalili nyingine ni sauti. Salamu ya kukariri hutoka kwa wimbo uleule kila siku, ila ya mtoto aliyemwona mtu hubadilika: kwa bibi asiyesikia hupandisha, kwa babu aliyelala nusu hushusha.