SOMO: Kutafsiri tanakali kama chubwi, tifu, jii na wenzake kwenda Kiingereza (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila baada ya siku chache naletewa inboksi: "Chubwi kwa Kiingereza ni nini?" Nikimjibu mtu, wiki ijayo anarudi na tifu. Naliweka hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo. Kazi yangu ni kunukuu hadithi za wazee wa Lamu na kuzitoa kwa Kiingereza, kwa hiyo mifano ni ya huku kwetu: gati, punda, mchanga na kamba.

1. Sikiliza rekodi. Maandishi peke yake hayatoshi.

2. Nakili sentensi nzima pamoja na kitenzi. Tanakali bila kitenzi chake haina pa kusimama.

3. Jiulize kama kweli kuna mlio. Shuleni tuliambiwa "tanakali za sauti", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kimya jii kina sauti gani? Na aliyelala fofofo, ni nini kinacholia? Doke, mwanaisimu aliyeyaeleza maneno haya ya lugha za Kibantu mwaka 1935, hakuishia kwenye sauti. Alihesabu pia rangi, harufu, hali, namna ya kitendo na ukali wake. Basi andika pembeni ya kila tanakali kazi inayofanya: inaiga mlio, inaonyesha namna, au inasema jambo limefika mwisho wake. "Akaifunga kamba ndi" haiigi chochote, inasema kamba haitafunguka.

4. Ihamishe kazi hiyo kwenye kitenzi cha Kiingereza. Hapa ndipo rasimu nyingi zinapofia, zangu za mwanzo zikiwemo, kwa hiyo nitakaa.

Kitenzi chetu "anguka" ni kipana. Kinasema kitu kimekwenda chini, basi. Namna kilivyokwenda na mahali kilipotua vimeachiwa tanakali: pu ni kitu kizito kwenye sakafu au ardhi ngumu, tifu ni mchangani, tapwi ni matopeni, chubwi ni majini. Msimulizi hodari akisema "likaanguka chubwi" hana haja ya kutaja maji. Kiingereza kimejipanga vingine. Kina tanakali chache, lakini kina vitenzi vingi mno ambavyo vimekwisha kumeza namna ya kitendo ndani yake. Ukiacha kitenzi "fell" kisha ukatafuta neno la kukibandika nyuma, unafanya Kiingereza kifanye kazi ya Kiswahili.

Chukua kipande hiki:

> Punda kateleza, gunia la sukari likamtoka mgongoni likatumbukia majini chubwi! Watu wote gatini kimya jii.

Rasimu ninayoletewa mara nyingi:

> The donkey slipped and the sack of sugar fell into the water with a splash. Everyone on the jetty was very quiet.

Hakuna kosa la sarufi hapo, ila hadithi imekufa. Hiyo "with a" ndiyo ugonjwa wenyewe. Inamfanya msomaji apate tukio kwanza, kisha apewe sauti yake kama risiti. Chubwi haiji baada ya tukio, chubwi ndiyo tukio. Halafu "splash" ni maji yanayoruka pembeni, kama mtoto anapojirusha kutoka ukutani. Ukikimbilia "plop" umeharibu zaidi, maana hiyo ni ya kijiwe. Chubwi ya gunia ni kitu kizito kinachopokelewa na maji na kufunikwa. Kinachotakiwa kuvuka ni uzito, ughafla na kupotea. Mimi ningeandika:

> The donkey slipped. The sack of sugar slid off its back, hit the water and was gone. Not a sound on the jetty.

Tazama yaliyofanyika. Hakuna neno la mlio hata moja. Chubwi imegawanywa: "hit" imechukua pigo, "was gone" imechukua kumezwa, na maneno hayo yote ni mafupi, ya silabi moja moja, kwa hiyo mdomo unagonga pale pale mzee alipogonga. Tena yako mwishoni mwa sentensi, kwa sababu sisi tanakali huiweka mwisho, baada ya pumzi kidogo, na pigo linaangukia hapo. Ukiihamishia katikati, kicheko kinatoka kabla ya wakati. Sentensi ya mwisho haina kitenzi kwa sababu ya kwetu pia haina: "watu wote gatini kimya jii". Ukitia "was very quiet" umeileta hali polepole, na jii haiji polepole.

Tahadhari ndani ya hatua hii:

Alama ya mshangao haitafsiri kitu. Ukiona umeweka mbili kwenye aya moja, rudi kwenye vitenzi.

Usikimbilie "bang", "crash", "boom". Kwa msomaji wa Kiingereza ni maneno ya vibonzo na hadithi za watoto. Kwetu mzee mwenye heshima zake anasimulia kifo cha nduguye na kusema "akaanguka pu" bila mtu kutabasamu. Ukiweka "thump" pale kwenye msiba umemvalisha mzee kofia ya mchekeshaji. Andika kwamba alianguka pale aliposimama na hakuinuka, yatosha.

5. Rangi na giza. Kiingereza hapa kina maneno yake yaliyogandishwa tayari: giza totoro ni "pitch dark", mweusi tititi ni "jet black". Tumia bila aibu. Ila yachunguze yana nini ndani. Nyeupe pepepe wengi huiandika "snow white", na ghafla theluji imeanguka Shela, hapa Lamu. Nyekundu ndu ikiwa "blood red" umeleta damu kwenye leso ya bibi harusi. Hapo afadhali useme weupe uliumiza macho, au urudie rangi yenyewe mara mbili.

6. Kuna tanakali inayobaki kama ilivyo. Ni ile ambayo mhusika mwenyewe anaitoa mdomoni, au inayorudi kama kiitikio. Mfano zimwi linakuja ufukweni usiku: "Tifu... tifu... tifu..." na kila mara msimulizi anaongeza sauti. Iache tifu, ila mara ya kwanza hakikisha mchanga umetajwa jirani yake. Ikirudi mara ya tatu msomaji wa Kiingereza ameshaielewa bila maelezo ya chini. Usiiandike kwa herufi za mlazo, itaonekana kama kielelezo cha makumbusho.

7. Soma zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, na upige kofi pale pigo linapoangukia. Makofi yasipokutana, rudi hatua ya 4.

---

MAJIBU NA MASWALI

mpwani_asilia: Shukran mwalimu. Naomba PDF ya tanakali zote na Kiingereza chake.

Mwandishi: Hakuna. Soma hatua ya 2.

mpwani_asilia: Basi fofofo tu.

Mwandishi: Kalala fofofo au kafa fofofo? Umeona kwa nini hakuna orodha.

kijana_wa_Mkunguni: Mimi nimetumia "with a thud" miaka yote na wateja hawajalalamika.

Mwandishi: Mteja wako hajui Kiswahili, ndiyo maana amekuajiri. Hawezi kulalamikia asichokisikia. Sijasema ni haramu. Mara moja katika hadithi nzima inapita. Kila mtu akianguka "with a" kitu fulani, wote wameanguka mwanguko mmoja.

mwalimu_Malindi: Samahani ndugu yangu, nimesoma mara mbili. Nafundisha sekondari na tunafanya kinyume chake, Kiingereza kwenda Kiswahili. Wanafunzi wakikuta "the sack thudded onto the floor" wanaandika "gunia lilifanya kishindo sakafuni". Niwaambie nini?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Waambie wakipasue kitenzi cha Kiingereza vipande viwili: mwendo na namna. Mwendo uwe kitenzi cha kawaida, namna iwe tanakali, na iende mwisho: "gunia likaanguka sakafuni pu." Lakini waangalie jambo moja. Tanakali hupenda tukio lililotokea kweli mbele ya macho. "Likaanguka pu" ni sawa. "Halikuanguka pu" inakwaruza sikio, kwa sababu tanakali inaonyesha, na huwezi kuonyesha ambacho hakikutokea. Kwa hiyo wakikuta sentensi ya kukanusha, waiache tanakali nyumbani. Zoezi linalofaa: wape kitenzi "anguka" peke yake na mahali panne, sakafu, mchanga, tope na maji, wataje tanakali kwanza ndipo waandike Kiingereza bila kutumia "fell".

mwalimu_Malindi: Nimelichukua kwa Jumatatu. Na tapwi, kuna aliyepata Kiingereza chake?

Mwandishi: Kwa mtu aliyekaa chini matopeni nimewahi kutumia "sat down hard in the mud". Tope lenyewe likishika mguu, "squelch" ina unyevu wake. Lakini hiyo ni ya kuchomoa mguu, si ya kuanguka.

kijana_wa_Mkunguni: Na ndi?

Mwandishi: Imo hatua ya 3. Kwa kamba, "lashed" peke yake imebeba funga na ndi kwa pamoja. Usiongeze "tightly".

video_za_kisiwani: Mimi naweka manukuu chini ya filamu za wazee. Mstari hauzidi herufi 42, nitaitia wapi chubwi?

Mwandishi: Usiitie popote. Mtazamaji anamsikia mzee akisema chubwi na anaona mkono ukishuka. Manukuu yaseme gunia limepotea majini, sauti ataipata bure. Angalia muda tu: mstari usitokee kabla mzee hajaitamka, utamwibia pigo lake.

video_za_kisiwani: Hiyo sikuwahi kuifikiria. Basi nami nitoe langu kwa wanaorekodi. Tanakali zinapasua rekodi, maana mzee anasimulia kwa sauti ya chini halafu ghafla PU! Weka kiwango ili sauti ya kawaida ifike kama -18 dB, kilele -12, ubakishe nafasi. Na maikrofoni isikae mbele ya mdomo. Isogeze pembeni kidogo, pumzi ya "p" ipite bila kuipiga.

Mwandishi: Hilo lingekuwa hatua ya 1. Ahsante.

mpwani_asilia: Jii je?

Mwandishi: Hatua ya 4, mstari wa mwisho wa mfano.

mpwani_asilia: Nimeiona. Lakini kwenye hadithi yangu ni mtoto aliyekuwa analia, akapewa kashata, akanyamaza jii. "Not a sound" hapo inaleta hofu kama mtu amekufa.

Mwandishi: Sasa ndiyo umeuliza. Kweli, pale gatini kimya ni cha mshtuko, hapa ni cha mdomo uliojaa. Maliza sentensi kwenye kashata: "He got the kashata, and that was the end of the crying." Kashata usiitafsiri.