Kalori ziko wapi kwenye glasi yako: hesabu hatua kwa hatua

Wengi wanaokuja kwangu hapa Malindi kupunguza uzito huwa wameshaacha bia. Wamehamia jini au vodka kwa kuwa wamesikia pombe kali haina sukari. Ni kweli haina. Kinachowarudisha nyuma ni kile wanachochanganyia, na mkono unaomimina. Nitatumia hesabu ya mama mmoja anayefanya kazi hotelini, aliyeniambia: "Mimi Jumamosi ni toti nne tu, jini na toniki. Kitambi hiki kinatoka wapi?"

Hatua ya 1: Hesabu kileo peke yake

Gramu moja ya sukari ina kalori 4. Gramu moja ya kileo ina 7, hata kama kinywaji hakina utamu wowote. Chukua mililita, zidisha kwa asilimia ya kileo iliyoandikwa kwenye chupa, kisha zidisha kwa 0.055. Jibu ni kalori za kileo.

Toti ya mililita 30 ya jini ya asilimia 40 inatoa 66. Glasi ya mililita 150 ya waini kavu ya asilimia 12 inatoa 99, na sukari yake ni kidogo mno; waini tamu ndiyo inayoongeza. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 inatoa kama 116. Bia pia haina sukari nyingi, lakini ina wanga uliobaki kutoka kwenye shayiri, takriban gramu 15 kwa chupa kama hiyo, kwa hiyo jumla inafika karibu 175. Ndiyo maana chupa iliyoandikwa "haina sukari" bado inanenepesha: kileo kimo humo humo.

Mnazi unalionyesha jambo hili vizuri kuliko chupa yoyote. Asubuhi ukishushwa ni mtamu, jioni umekuwa mkali, na watu hudhani ule mkali ni mwepesi kwa mwili. Sukari haikupotea. Hamira ya asili imeigeuza kuwa kileo, na sehemu kubwa ya kalori zake imebaki ndani ya kileo hicho.

Hatua ya 2: Soma lebo ya kichanganyio

Hapa ndipo kalori nyingi hujificha. Lebo nyingi huandika sukari kwa kila mililita 100, na mtu huisoma kama ni ya chupa nzima. Toniki ya yule mama iliandikwa gramu 9. Chupa yake ilikuwa mililita 300, kwa hiyo gramu 27. Nilimpimia sukari ya kawaida kwenye kisahani, kijiko cha chai baada ya kijiko, tukafika karibu saba. Alikitazama kile kisahani kwa muda. Toniki ni nyeupe kama maji, na uchungu wake unafunika utamu.

Chupa moja ni kalori 108. Nne ni 432, wakati jini yenyewe ya toti nne ni 264. Jumla 696, na zaidi ya nusu yake si pombe.

Maji ya soda yasiyotiwa sukari hayana kalori. Ongeza ndimu, basi. Angalia usipewe toniki badala yake, kwa sababu kaunta zenye shughuli nyingi huziweka pamoja, na zote mbili zina mapovu. Onja kabla ya kutia. Dafu si sifuri, lakini kwa kawaida lina chini ya nusu ya sukari ya soda. Maji ya pasheni ya jagi yahesabu kama soda mpaka umjue aliyeyatia sukari.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari, usinywe bila kula. Kileo huzuia ini kutoa sukari, na yako inaweza kushuka mno usiku.

Hatua ya 3: Pima mkono wako

Mama yule alihamia maji ya soda. Wiki tatu baadaye mizani ilikuwa haijasogea sana. Nikamwomba alete glasi yake ya nyumbani na animiminie "toti" kwa maji, kama anavyofanya siku zote. Tukayarudisha yale maji kwenye kikombe kidogo cha dawa ya mtoto, kile chenye mistari. Kilijaa, tukakimwaga na kuanza tena. Jumla ilikuwa mililita 55.

Toti yake moja ilikuwa na kalori 121. Zile "nne" zilikuwa 484, yaani zaidi ya toti saba za kaunta.

Fanya hivi nyumbani: mimina maji kwa mazoea yako, kisha yapime. Halafu tia mililita 30 kamili kwenye glasi hiyo hiyo na ubandike kipande cha utepe usawa wa maji. Yeye alipouona utepe wake ulivyo chini, karibu na kitako cha glasi, alisema, "Kumbe toti ndiyo hii?" Glasi pana hudanganya zaidi, ile nyembamba na ndefu ni rahisi kuipima kwa jicho.