Mahindi yamejaa majani, mbona punje ni chache?

Shamba likiwa na majani mapana na ya kijani kilichokolea, mkulima huanza kuhesabu magunia mapema. Mimi humshauri asubiri apime. Mahindi yakishakomaa, kata mimea 10 usawa wa ardhi, ianike ikauke kabisa, ipime yote pamoja, kisha pukuchua na upime punje peke yake. Gawanya uzito wa punje kwa uzito wa jumla: hiyo ndiyo fahirisi ya mavuno.

Tuseme shamba la kwanza limetoa kilo 2.4 kwa jumla, na punje ni kilo 1.2. Fahirisi yake ni 0.5, kiwango kizuri kwa chotara. La pili, lililosongamana na kujaa majani, limetoa kilo 3 kwa jumla, lakini punje ni kilo 0.9 tu, fahirisi ni 0.3. Limekua zaidi kwa robo na kuzaa pungufu kwa robo.

Majani ni chanzo: hutengeneza sukari. Punje ndizo mpokeaji. Majani yakishafikia meta 4 hadi 5 za mraba juu ya kila meta moja ya mraba ya ardhi, karibu mwanga wote umeshanaswa. Yanayoongezeka hapo huyatia kivuli ya chini, nayo huchangia kidogo mno.

Idadi ya punje huamuliwa zaidi katika muda mfupi, takriban wiki 2 kabla na 2 hadi 3 baada ya ndevu kuchomoza. Mmea ukipata kiu wakati huo, au ukibanwa na wenzake, ndevu huchelewa na poleni huwa imekwisha. Punje zilizokosekana hazirudi, hata mvua ikinyesha vizuri baadaye, na sukari ya ziada hubaki kwenye bua.

Menya gunzi, litakueleza. Mapengo yaliyotawanyika ni dalili ya uchavushaji mbovu. Ncha yenye vijipunje vyeupe vilivyosinyaa huonyesha kwamba punje zilitunga, kisha zikakosa chakula. Lakini gunzi likijaa safu zote huku punje zikiwa nyepesi, tatizo ni chanzo: majani yaliugua au yalikatwa mapema kulisha mifugo. Hili la kukata hunisikitisha zaidi, maana linaepukika. Subiri hadi utepe mweusi uonekane kwenye kitako cha punje, maana hapo kujaa kumekwisha.

Kwa hiyo tiba hufuata dalili. Penye mapengo au ncha tupu, punguza msongamano msimu ujao. Sentimeta 75 kwa 25, mmea mmoja kila shimo, hutoa mimea kama 53,000 kwa hekta, na penye mvua haba panda michache zaidi. Panga tarehe ya kupanda ili ndevu zisichomoze wakati wa ukame. Mbolea ya naitrojeni igawe, usiimwage yote mwanzoni. Penye punje nyepesi, linda majani yaliyo karibu na gunzi na yaliyo juu yake. Hayo ndiyo hulisha punje zaidi.