Kutafuta mtu wa zamu ya usiku: weka malipo na ratiba kwenye ujumbe wa kwanza

Nimemaliza kumsaidia mwenzangu wa idara ya rasilimali watu aliyekuwa anatafuta fundi wa mitambo ya baridi, zamu ya usiku, kwenye ghala la vyakula. Tangazo lake lilikuwa na maneno yale yale: "mshahara mzuri", "zamu zinazobadilika". Watu waliitikia, wakaja kwenye usaili, kisha wakipewa barua ya ajira wananyamaza. Utaratibu tulioufuata baada ya hapo ni huu.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

Unahitaji rasimu ya mkataba, rota ya miezi miwili ijayo, na slipu ya mshahara ya mtu anayefanya zamu hiyo sasa, jina likiwa limefutwa. Bila hiyo slipu usiendelee.

Hatua ya 2: Hesabu malipo ya usiku mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi huchukua mshahara wa saa, wakajumlisha posho ya usiku, wakazidisha kwa saa zote za zamu. Jibu linalotoka ni kubwa kuliko fedha atakayoipata mtu, naye ataligundua siku ya mshahara wa kwanza.

Tuchukue mfano wenye namba rahisi. Msingi ni 100 kwa saa, na posho ya usiku ni asilimia 25. Zamu inaanza saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi, yaani saa 12. Ukihesabu kwa haraka unapata 125 mara 12, sawa na 1,500.

Sasa soma mkataba taratibu. Mara nyingi posho hailipwi kwa zamu nzima, inalipwa kwa saa zilizotajwa tu. Kwenye mfano wetu ni kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo saa tatu za mwanzo na ile moja ya mwisho zinalipwa kama za mchana. Halafu kuna mapumziko ya saa nzima, saa 7 hadi saa 8 usiku, ambayo hayalipwi. Yanaangukia katikati ya saa zenye posho, kwa hiyo yanakula msingi na posho pamoja. Zinabaki saa 11 za kulipwa, na 7 kati ya hizo ndizo zenye posho. Msingi unatoa 1,100, posho inatoa 175, jumla 1,275 kwa usiku. Pengo na ile hesabu ya haraka ni 225 kila zamu. Hilo pengo ndilo linalomfanya mtu aondoke mwezi wa pili akisema alidanganywa, hata kama hakuna aliyekusudia kumdanganya.

Mambo mengine ya kuangalia hapa hapa. Kama sheria ya mahali ulipo inahesabu saa zinazozidi kiwango fulani kwa siku kuwa ovataimu, hesabu inabadilika, kwa hiyo muulize mhasibu wa mishahara, usikisie. Kama posho inaanza kulipwa baada ya kipindi cha majaribio, tangaza malipo ya kipindi cha majaribio kwanza, yale makubwa yafuate. Na bonasi yenye masharti, kama ile ya kutokukosa zamu hata moja, isiingie kwenye jumla kabisa. Itaje peke yake au iache.

Ukimaliza, linganisha jibu lako na ile slipu. Zisipolingana, slipu ndiyo yenye ukweli. Tafuta ulikokosea kabla ya kumwandikia mtu yeyote.

Hatua ya 3: Geuza rota iwe maisha ya mtu

"Zamu 4 kazini, siku 4 nyumbani" inasikika vizuri, lakini iweke kwenye kalenda uone. Mzunguko ni wa siku 8 na wiki ina siku 7, kwa hiyo siku za kazi zinasogea kila wiki. Ndani ya wiki 8 mtu atakuwa kazini Jumamosi 4. Mwambie hivyo: nusu ya Jumamosi zote. Mwezi wa siku 30 unaweza kuwa na zamu 14 hadi 16 kutegemea mzunguko umeangukia wapi, kwa hiyo malipo ni 17,850 hadi 20,400 kabla ya makato. Toa namba zote mbili, ya chini itangulie.

Jingine linalosahaulika: zamu ya nne inaisha asubuhi ya siku ya kwanza ya mapumziko. Siku hiyo mtu ataimaliza kitandani. Waliowahi kufanya kazi ya usiku wanalijua hili, na ukilisema mwenyewe wanakuamini kwenye mengine pia.

Hatua ya 4: Andika ujumbe

Mimi nataka maandishi matupu. Bango la picha lina rangi nzuri, ila mtu hawezi kunakili namba zake akamtumia rafiki, na kazi ngumu kama hii hujazwa na rafiki wa rafiki. Wetu ulikuwa hivi, kwa namba za mfano:

> Habari za jioni. Natafuta fundi wa mitambo ya baridi kwa zamu ya usiku tu, ghala la vyakula. Kazi ni saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi, zamu 4 mfululizo kisha siku 4 nyumbani. Ya kwanza kati ya hizo utatoka kazini asubuhi. Nusu ya Jumamosi zote utakuwa kazini. Malipo ni 1,275 kwa zamu kabla ya makato, posho ya usiku imo. Mwezi wa siku 30 ni 17,850 hadi 20,400. Saa ya mapumziko hailipwi. Fundi ni mmoja kwa zamu, msimamizi anapatikana kwa simu. Usafiri ni wako. Kama haikufai, nijibu "hapana" na sababu kwa kifupi, sitakusumbua tena.

Kila kigumu kimo. Bosi wa mwenzangu alitaka tuondoe lile la usafiri, tukakataa: mtu asiye na namna ya kurudi nyumbani asubuhi atalijua tu, bora alijue kabla hujampangia usaili.

Hatua ya 5: Nani, na saa ngapi

Anza na waliokwisha kufanya usiku: hospitali, viwandani, hotelini. Ujumbe utume saa 10 hadi saa 12 jioni. Ukimpigia mtu wa zamu ya usiku saa 4 asubuhi unamwamsha, na hapo umemwonyesha kwamba hujui kazi unayomtangazia.

Kwenye simu usiulize kama ana watoto au mume. Msomee ratiba, uliza kama anaweza kuifuata. Akiuliza kuhusu afya, Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 171 wa 1990 unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kupimwa bure akiomba, kabla ya kuanza na baadaye kwa vipindi. Si kila nchi imeuridhia, lakini mwajiri yeyote anaweza kufanya hivyo.

Hatua ya 6: Hesabu za "hapana"

Jedwali la kawaida linatosha: tarehe, jibu, sababu. Sababu zikirundikana kwenye malipo, ujumbe hauna kosa, kiwango ndicho kidogo, na jedwali hilo ndilo la kumpelekea meneja. Zikirundikana kwenye usafiri, omba gari la asubuhi kabla ya kuomba nyongeza ya mshahara. Lakini watu wakikubali kisha wakaacha baada ya mzunguko wa kwanza, rudi kwenye ujumbe: kuna kitu walichokikuta kazini ambacho hukukiandika. Waulize ni kipi, kiongeze, ndipo utume kwa mtu mwingine.